Mtu Usiyemjua Akikutongoza Chini ya Picha: Lini Ujibu, Lini Unyamaze

Mwanamke mmoja wa Langoni, mjini Lamu, mpaka hina kwa kazi yake, aliweka picha Facebook siku ya Ijumaa baada ya alasiri. Ni picha ya kazi. Mkono wa bibi harusi umepakwa piko mpaka kiwikoni, na yeye mwenyewe, kwenye buibui na mtandio, ameushika mkono ule ili uonekane vizuri. Uso wake umeingia pichani. Wakaja wanawake wanaomjua: "Mashallah, kazi safi", "Bi, mwezi ujao una nafasi?", na halati yake akaandika dua ndefu. Katikati yao akajipenyeza mwanamume asiyemjua kabisa: "Hina nzuri, lakini aliyeushika huo mkono ndiye mtamu zaidi. Naomba namba mrembo." Mwishoni akapanga vikaragosi vitatu vyenye macho ya mioyo.

Nimechagua kumfuata huyu kwa sababu hali yake ni ngumu kuliko ya wengi. Anayeweka picha za kujifurahisha anaweza kuufunga ukurasa, uonekane na marafiki tu, mambo yakaisha. Mpaka hina hawezi. Wateja wake wengi ni watu asiowajua: bibi harusi wa Shela, wa Matondoni, wa Mpeketoni. Mlango lazima uwe wazi, na bado mtu mmoja afahamishwe kwamba hakukaribishwa, tena mbele ya macho ya mji mzima.

Macho hayo ndiyo yanayoleta ugumu. Jibu lako unadhani unamwandikia yule bwana, kumbe yeye ni msomaji mmoja tu. Wengine ni wateja, shangazi, jirani, mama mkwe mtarajiwa, na wale wasioandika kitu maishani lakini husoma kila kitu. Hao hawamtazami yeye. Wanatazama wewe utafanya nini.

Kwanza: usiguse kitu

Usibonyeze moyo, usibonyeze dole gumba, hata kile kikaragosi cha kucheka. Facebook na Instagram zote humpelekea taarifa kwamba umeyapenda maoni yake, na kwa mtu wa namna hii hilo ni jibu tayari, tena zuri kuliko alilotarajia. Ukiandika kitu chini yake, hata la kumkaripia, mtandao unahesabu kwamba pana mazungumzo, na kwa kuwa Facebook hutanguliza maoni yenye majibu na hisia nyingi, maneno yake yanaweza kukaa juu ya ile dua ya halati. Mteja akifungua picha, anaanza na yeye.

Subiri. Kama yamekuja alasiri, yaache mpaka baada ya isha. Jibu la dakika ya pili linamwambia uko pale, simu mkononi, na kwamba amekugusa. Atarudisha neno papo hapo, nawe utarudisha, na kufikia magharibi mtakuwa na barza. Jibu linalokuja saa nne baadaye linamwambia ulikuwa na shughuli zako.

Hukumu hii ina kighairi kimoja. Matusi na maneno ya mwili wako, yale ambayo hungetaka mtoto ayasome, hayasubiri isha. Piga picha ya skrini, futa, mzuie mtu, endelea na kazi. Hapo hakuna la kupima.

Pili: soma ni aina gani ya maneno, na ni nani

Sifa tupu ni jambo moja. "Mashallah umependeza" kutoka kwa mtu usiyemjua inaweza kuwa adabu tu, na ukiikaripia wewe ndiye utakayeonekana mkali. Mwaliko ni jambo la pili: naomba namba, njoo inboksi, uko wapi leo. Maneno ya mwili ni la tatu, na nimeshayasema.

Halafu kuna fumbo, ambalo sisi wa pwani tumelinyonya na maziwa. Mtu anaandika, "Hiyo piko ikikauka nani wa kwanza kuiona?" Neno moja moja halina ubaya, lakini kila mtu ameelewa, na ukimkemea atasema, "Mimi nimeuliza kuhusu piko tu, bi, mbona wewe una mawazo hayo?" Fumbo limetengenezwa hivyo makusudi, ili aibu ikurudie wewe. Nitarudi kwake kwenye majibu, maana ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Ukishajua maneno, mtazame mtu. Bonyeza jina lake bila kubonyeza kitu kingine ukurasani mwake. Je, mna marafiki wa pamoja? Ana picha zake mwenyewe, au ni magari na machweo ya jua ya kuokota? Akaunti ni ya tangu lini? Mpaka hina wetu alikuta magari, hakuna rafiki wa pamoja hata mmoja, na maneno yale yale, pamoja na vikaragosi vitatu, chini ya picha ya muuza keki anayemfuata. Basi huyu anatupa nyavu popote. Hakumwona yeye, ameona mwanamke. Mtu kama huyo hajibiwi kwa hali yoyote, kwa sababu anachokitafuta ni nyavu ipi imetikisika.

Mkiwa na marafiki kumi wa pamoja, huyo kwa Lamu si mgeni. Ni mtoto wa mtu fulani, na pengine neno moja la mama yako kwa mama yake litafanya kazi ambayo Facebook haiwezi.

Tatu: amua

Kimya ndiyo kawaida. Anayetaka kujibu ndiye mwenye kazi ya kujieleza kwa nini. Naona sababu mbili tu zinazotosha.

Ya kwanza: ndani ya maneno yake mna swali la kazi ambalo wengine pia wangependa kujua jibu lake. Bei, nafasi, unapaka nani. Ukilinyamazia swali hilo, mteja wa kweli anayelisoma anaona mfanyabiashara asiyejibu.

Ya pili ni nzito zaidi. Kimya chako kitasomwa na wengine kama kukubali. Hilo halitokei kwa "naomba namba mrembo"; hakuna anayedhani umetoa namba kwa kuwa hukujibu. Linatokea pale mtu anapojifanya mnajuana: "Mara hii umenisahau?" au "Jana ulisema utakuja, nimekungoja." Maneno hayo yanapanda uongo, na katika mji wa watu wanaofahamiana uongo ulionyamaziwa huota mizizi. Huo ujibiwe, kwa maneno machache, na siku hiyo hiyo.

Unaringa, unajiona, wewe si mzuri hivyo: maneno haya huja baada ya kimya, na watu wengi huona hapo ndipo pa kujibu. Si pale. Ni chambo kile kile kilichobadilishwa rangi. Aliomba kwa sukari, sasa anaomba kwa pilipili, lakini bado anachoomba ni neno kutoka kwako.

Nne: jibu lenyewe, likibidi

Jibu baridi lina sentensi moja, mbili zikizidi. Halina kikaragosi, halina alama ya mshangao, halina "haha", halina swali. Hasa halina swali. Swali humpa mtu haki ya kurudi, na "Huna dada nyumbani kwenu?" kwa ukali wake wote bado ni swali. Atajibu kwamba anao, na kwamba hakuna mzuri kama wewe.

Angalia majibu ambayo hutoka haraka mkononi, na yanakwama wapi.

"Haha asante kaka." Umecheka na umeshukuru. Ulitaka kuwa mpole ili yapite, naye amesoma kwamba umefurahi.

"Nimeolewa." Kama ni kweli, umempa mgeni habari za nyumbani kwako. Kama si kweli, mji unajua si kweli. Na kwa hali zote mbili umesema kinachomzuia ni mwanamume mwingine, si kwamba wewe hutaki, ndiyo maana wengi wao hujibu "haina neno, nitangoja".

"Namba sitoi kwa watu nisiowajua." Basi tujuane, atasema. Kila sababu unayoitoa ni kizuizi anachoweza kuzunguka, kwa hiyo usitoe sababu.

Mpasho. Ninaujua utamu wake. Wanawake wa pwani tuna ulimi, na ukimtungia mistari miwili yenye vina, marafiki zako watajaza vicheko chini yake mpaka alfajiri. Lakini huyo bwana sasa amekuwa mtu maarufu ukurasani mwako, maneno yake yanasomwa na mamia, na picha ya hina imekuwa picha ya ugomvi. Mtungie ukipenda, ukawasomee wenzako kibarazani.

Sasa yale yanayofaa. Kwa sifa tupu ambayo huna hakika nayo, mpaka hina wetu ana jibu ambalo nimelipenda: "Ahsante kwa niaba ya bibi harusi." Sifa imepokewa, lakini imepelekwa kwenye mkono uliopakwa, na yeye ametoka pembeni. Mwenye adabu ataridhika. Mwenye lake jambo atakuwa hana pa kushika.

Kwa fumbo, jibu kana kwamba hukulielewa. Aliyeuliza piko ikikauka nani wa kuiona, mjibu: "Piko huachwa ikauke ndipo ioshwe. Oda ni kwa namba iliyo juu ya ukurasa, wanawake pekee." Fumbo huishi kwa kuona kwamba limekuchoma. Likipokelewa kama swali la kazi hubaki limekaa pale limenywea, na wanaosoma watacheka, ila si wewe wanayemcheka. Usijitie tu kulijibu kwa fumbo lako, maana hapo mmeanza mchezo wa wawili.

Kwa mtu anayejifanya anakujua: "Hatujuani. Umekosea mtu." Basi. Usiongeze "tafadhali sana", usimuulize yeye ni nani. Sentensi ya pili ina faida yake: inampa njia ya kuondoka bila kuonekana mwongo, na mtu aliyeachiwa njia mara nyingi huichukua.

Kwa mwaliko ambao kwa sababu yako umeamua kuujibu: "Ukurasa huu ni wa kazi ya hina. Maoni kama haya siyapokei." Halizungumzii tabia yake wala ndoa yako. Linazungumzia ukurasa, na ukurasa ni wako.

Neno juu ya namna ya kumwita. Tumelelewa kutomjibu mtu mkavu, na mkono hutaka kuandika "kaka". Mtandaoni "kaka" imekuwa nyepesi, kila mtu humwita kila mtu, na wengine huichukua kama mlango uliofunguliwa kidogo. "Ndugu yangu" ni nzito zaidi na inaweka mpaka wa kiungwana. Akiwa mtu wa mvi, "baba" hupoza kuliko karipio lolote: "Ahsante, baba." Nimeona mzee akifuta maoni yake mwenyewe baada ya neno hilo moja. Ila usiweke heshima mbili katika sentensi moja, na mtu aliyekwisha kosa adabu humwiti kitu.

Jambo dogo la kiufundi: ukibonyeza Reply kwenye Facebook, jina lake hujiandika lenyewe mwanzoni. Lifute kabla ya kutuma. Taarifa atapata vilevile, lakini jibu litasomeka kama tangazo la ukurasa wala si barua kwake.

Ukishajibu mara moja, umemaliza. Akirudi na lolote, hata akiomba radhi, hujibu tena. Jibu la pili hulifuta la kwanza, kwa sababu linaonyesha kwamba mwisho wako si mwisho.

Tano: kusafisha bila kelele

Kimya hakimaanishi kuyaacha maneno yakae pale. Una njia nne, na hazifanyi kazi moja.

Kwenye Facebook kuna Hide comment. Ukiificha, aliyeandika bado anayaona maneno yake, na marafiki zake wanayaona, ila wengine hawayaoni. Hajui kwamba yamefichwa. Anaendelea kungoja jibu. Kwa mtupa nyavu wa mbali hii ndiyo silaha bora, kwa sababu hakuna kilichotokea cha kumkasirisha. Lakini tazama lile neno "marafiki zake". Akiwa ni mtu wa Lamu, marafiki zake ni wateja wako, na kwa hao maneno bado yako wazi. Huyo usimfiche, bonyeza Delete. Mtandao haumpelekei taarifa kwamba yamefutwa, ingawa akirudi kutazama atayakosa.

Instagram ina Restrict, na kwa kadiri ninavyoona ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Mtu uliyemwekea Restrict akiandika, maneno yake anayaona yeye peke yake mpaka wewe uyaruhusu. Ujumbe wake wa faragha unakwenda kwenye Message requests, na haoni kama uko mtandaoni wala kama umeusoma. Anazungumza na ukuta bila kujua ni ukuta.

Ya nne ni Block. Watu huniuliza kama ni ukali kupita kiasi. Si ukali, lakini ina matokeo: atajua, kwa sababu hatakuona tena, na wapo ambao kuzuiwa huwachochea kufungua akaunti nyingine. Instagram, unapomzuia mtu, hukuuliza kama unataka kuzuia pia akaunti nyingine alizonazo au atakazofungua, chagua hiyo. Kwa maneno ya mwili Block ndiyo ya kwanza. Kwa mengine iache mwishoni.

Turudi Langoni. Baada ya isha mpaka hina alisoma, akaona mwaliko usio na swali la kazi, kutoka kwa mtupa nyavu asiye na rafiki wa pamoja. Hakujibu. Akaficha. Kisha akamjibu yule bi aliyeuliza nafasi ya mwezi ujao, kwa urefu na uchangamfu, na hili ni muhimu: ukurasa ulionyesha mwenyewe yupo na anajibu wanaostahili.

Asubuhi yakaja mengine: "Mbona hujibu, unaringa?" Akaficha. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa faragha, "Mambo", kama vile hakuna kilichotangulia. Ulikuwa kwenye Message requests. Aliufungua akausoma bila kuukubali, na ukiufungua hivyo mwenzako hapati alama ya kwamba umesomwa. Akauacha pale. Watu wengi hukosea hapa: wanajua kunyamaza hadharani, lakini faraghani wanaandika "tafadhali acha kunisumbua", na yeye ameshapata mazungumzo ya wawili.

Wiki iliyofuata, chini ya picha nyingine, akabadilisha: "Tulivyokubaliana juzi umeshasahau?" Hapo kimya kilikuwa kimefika mwisho wake. Alipiga picha ya skrini, akaandika: "Hatujuani. Umekosea mtu." Na hapa alifanya jambo la busara ambalo wengi hawalifanyi. Hakufuta papo hapo. Aliuacha uongo na kanusho lake pamoja mpaka siku ya pili, ili waliousoma usiku ule na waliosimuliwa asubuhi wakija kutazama wakute vyote viwili. Angeufuta haraka, waliouona wangebaki na uongo bila jibu. Siku ya pili mchana akafuta vyote, akamzuia.

Sita: watu wako

Mara nyingi si mgeni anayeharibu, ni ndugu. Binamu ameona, damu imechemka, anaandika, "Wewe nani yako huyo? Ngoja nikujue." Mgeni anajibu. Rafiki wa binamu anaingia. Kufikia kesho pana maoni sitini, na hakuna hata moja la hina.

Kwa hiyo usiku ule ule, kabla ya yote, tuma neno kwenye kundi la WhatsApp la nyumbani. Lake lilikuwa hivi: "Assalaam alaykum. Kuna mtu anaandika upuuzi kwenye ukurasa wangu wa hina. Nimemwona na nashughulikia. Naomba asijibiwe na mtu yeyote, hata kwa kumtukana." Sehemu ya mwisho usiisahau, kwa maana kaka zetu huelewa "asijibiwe" kama "asijibiwe kwa upole".

Pia kuna mashoga zako wa utani, wanaoandika chini yake, "Mpe namba bwana, mbona hana ubaya." Kwao ni mzaha. Kwa mgeni ni mshenga amepatikana. Mwandikie faraghani afute, na usimjibu pale pale mbele ya watu.

Halati naye alipiga simu. "Mwanangu, si uiondoe tu hiyo picha?"

"Halati, picha ni ya kazi. Maneno yake nimeshayaondoa, picha imebaki."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema hina imekolea, inshallah."

Msimamo wangu ni wa mpaka hina. Ukiiondoa picha, umemfundisha kwamba sentensi moja inatosha kukuondoa, na kesho atakuja kwenye nyingine. Ila kama picha inaonyesha pahali unapoishi, ibadilishe, na hilo si kwa ajili yake peke yake. Lamu ya zamani nyumba zinafahamika kwa milango yao ya nakshi na mabaraza yao. Anayeujua mji akiona mlango nyuma yako hahitaji kuuliza njia.

Kimya kinapoacha kutosha

Yote haya ni kwa mgeni anayetongoza. Kuna ishara zinazoonyesha kwamba umeshavuka hapo. Anaandika, "Nimekuona leo Mkunguni, umevaa viatu vyekundu." Anawatumia ujumbe ndugu zako au wateja wako. Umemzuia naye anarudi kwa akaunti ya tatu. Anachukua picha yako na kuichezea. Anatishia. Hapo usitafute tena jibu zuri, kwa sababu hakuna. Mwambie mtu wa nyumbani leo, usitembee peke yako Usita wa Mui usiku, na anza kuweka ushahidi.

Ushahidi ni picha ya skrini inayoonyesha jina, maneno na picha iliyo juu yake, pamoja na kiungo cha ukurasa wake ulichokinakili, maana jina hubadilishwa kwa dakika moja. Maoni huandikwa "2d" au "1w" badala ya tarehe, kwa hiyo andika tarehe mwenyewe pembeni. Usifute chochote kabla ya kupiga picha, na usiiuze simu hiyo.

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kifungu cha 27 kinahusu kumsumbua mtu mtandaoni, yakiwemo mawasiliano yanayomtia mtu hofu ya kudhuriwa au yaliyo machafu au ya kuudhi kupita kiasi, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. "Naomba namba mrembo" haifiki huko, na usimtishie nayo mtu aliyesema hilo tu. Lakini kwa vitisho na kufuatwa, nenda kituo cha polisi, uliza dawati la jinsia, na usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Aliyetongozwa akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 18, hakuna hatua ya kwanza wala ya pili: piga 116, simu ya kuwasaidia watoto.

Kabla ya picha inayofuata

Kurasa za Facebook na akaunti za Instagram hukuruhusu kuorodhesha maneno. Maoni yenye neno hilo hujificha yenyewe. Kwenye Instagram pitia Settings kisha Hidden Words. Wengi wakifika hapo huandika "namba" kwanza, halafu wanashangaa wateja wamepotea, kwa sababu bibi harusi naye huandika "naomba namba". Andika maneno ambayo mteja wako hayatumii: "mtamu", "mrembo wangu", "sweetie", na "baby" pamoja na "bebi" na "beb", kwa kuwa kichujio hakijui kwamba ni kitu kimoja. Malindi, kwenye kurasa za hoteli na ususi, wenzetu huongeza na "bella" na "amore". Usiweke "mashallah", hata kama ndivyo anavyoanza kila mtongozaji.

Kisha kila baada ya siku chache fungua maoni yaliyofichwa uyapitie. Mpaka hina alikuta humo mama mmoja wa Faza aliyeandika kwamba mkate wa harusi ni mtamu ila anachotaka yeye ni piko ya watu sita, ya Jumamosi.